Ova, anda na dau linalorudi: historia fupi ya nusu goli

Leo sitaandika kuhusu simu mpya wala kuhusu lugha ya programu. Nimeona niandike kuhusu namba moja ambayo kila kijana wa hapa Ukunda, Diani na Msambweni anaijua, hata yule aliyeikimbia hesabu tangu darasa la nane. Namba hiyo ni 2.5. Ukisimama kwenye stendi ya matatu Ukunda siku ya Jumamosi utasikia "ova mbili nukta tano" mara nyingi kuliko utakavyosikia jina la kocha yeyote. Lakini ukiuliza kwa nini ni mbili na nusu, wakati hakuna mchezaji aliyewahi kufunga nusu goli, wengi watacheka tu.

Mimi ni mwandishi wa programu, na kwangu mimi hiyo nusu ni kitu kinachopendeza sana. Ni mbinu ya zamani ya kuondoa jibu la tatu katika swali lenye majibu matatu. Historia yake hapa kwetu pwani ya kusini imepitia kwenye ujumbe mfupi wa simu, M-Pesa na sheria za kodi. Nitajaribu kuieleza taratibu. Tafadhali msisome makala hii kama ushauri wa kubeti, maana mwisho wa hesabu mtaona mwenyewe nani anakula.

Swali lenyewe

Tuanze na msingi. Kampuni inaweka mstari, yaani namba. Wewe unasema magoli ya timu zote mbili yakijumlishwa yatakuwa juu ya mstari (ova) au chini yake (anda). Hujali nani ameshinda. Goli la kujifunga linahesabiwa, na goli la dakika za nyongeza mwishoni mwa kipindi cha pili linahesabiwa pia. Kwa desturi hesabu inafungwa mwamuzi anapomaliza dakika 90 pamoja na hizo za majeruhi. Muda wa ziada wa dakika 30 haumo, na matuta hayamo.

Mfano mzuri wa hilo ni fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2014. Ujerumani iliifunga Argentina 1-0, lakini goli lilipatikana katika muda wa ziada. Kwa mtu wa ova na anda, mechi ile iliisha bila goli hata moja.

Sasa tuchukue mechi tunazozikumbuka wote, Wakenya na Watanzania. Katika Kombe la Mataifa ya Afrika la 2019 kule Misri, Harambee Stars walicheza mechi tatu za kundi. Tarehe 23 Juni walifungwa na Algeria 2-0, jumla magoli 2. Tarehe 27 Juni waliifunga Taifa Stars 3-2, jumla magoli 5. Tarehe 1 Julai walifungwa na Senegal 3-0, jumla magoli 3.

Ukiweka mstari wa 2.5 kwenye mechi hizo, kila moja ina jibu safi. Algeria ni anda, Tanzania ni ova, Senegal ni ova. Hakuna ubishi. Ukiweka mstari wa 3 mambo yanabadilika. Algeria bado ni anda na Tanzania bado ni ova, lakini mechi ya Senegal imekalia mstari wenyewe. Magoli 3 si juu ya 3 wala si chini ya 3. Hapo aliyesema ova hakushinda, na aliyesema anda hakushinda. Kila mmoja anarudishiwa dau lake kama alivyoliweka. Ukiweka mstari wa 2, inayokalia mstari ni ile ya Algeria.

Hiyo ndiyo tofauti yote. Mstari wenye nusu hauwezi kukaliwa kwa sababu magoli huja mazima. Mstari mzima unaweza kukaliwa, na ukikaliwa pesa inarudi.

Nusu ilitoka wapi

Wachezesha kamari wa Marekani walikuwa wakitumia nusu pointi kwenye mpira wa kikapu na mpira wa Kimarekani miaka mingi kabla sisi hatujaijua. Sababu yao ilikuwa ya kibiashara. Mechi ikikalia mstari, mwenye duka anarudisha pesa za kila mtu, anabaki na kazi ya karani na faida sufuri. Nusu pointi ilimwondolea usumbufu huo.

Kwenye kandanda mambo yalikuwa tofauti. Mchezo wetu una magoli machache na sare nyingi, kwa hiyo karne nzima kamari ya mpira ilikuwa ni kushinda, sare au kushindwa, pamoja na zile kuponi za kutafuta mechi za sare. Kusini-mashariki mwa Asia, hasa Indonesia, ndiko ulikokua mtindo wa kuipa timu dhaifu goli au nusu goli kabla ya mechi kuanza ili sare iondoke. Mwandishi wa habari wa Uingereza Joe Saumarez Smith ndiye anayetajwa kuupa mtindo huo jina la Kiingereza lenye neno "Asia" ndani yake, Novemba 1998. Ngazi ileile ya mistari ikatumika pia kwa jumla ya magoli: 2, kisha 2.25, kisha 2.5, kisha 2.75, kisha 3. Hiyo ya robo msishangae. Dau lako linagawanywa mara mbili. Kwa mstari wa 2.25 nusu ya dau iko kwenye 2 na nusu nyingine iko kwenye 2.5. Nitaiacha hapo maana leo mada ni nusu na nzima.

Mbona basi 2.5 ikawa mfalme na si 1.5 au 4.5? Kwa sababu mechi nyingi za ligi kubwa hucheza karibu na hapo, ndiyo maana pande mbili zinakaribiana na mchezo unanoga. Msimu wa 2023/24 Ligi Kuu ya Uingereza ilivunja rekodi yake kwa magoli 1,246 katika mechi 380, yaani zaidi kidogo ya 3.2 kwa mechi. Miaka ya nyuma ilizoeleka kuwa chini ya hapo. Mstari uliokuwa unagawanya watu nusu kwa nusu ulikuwa 2.5, na jina likakaa hata pale magoli yalipoongezeka.

Kwa nini Kwale ilipata nusu kwanza

Sheria iliyotawala mambo haya Kenya ilikuwa ya mwaka 1966, Sura ya 131. Iliandikwa kwa ajili ya watu wenye ofisi, kasino, bahati nasibu na mbio za farasi. Huku kwetu kasino ilikuwa kitu cha watalii wa Diani. Mvuvi wa Gazi au mkata miwa wa Ramisi hakuwa na sababu ya kuingia humo, na wengi tulilelewa tukiambiwa chuoni kwamba kamari ni haramu, basi maneno yakaishia hapo.

Kilichobadilisha mambo ni simu. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007. Mwaka 2014 SportPesa ikaanza Kenya, na watu wakawa wanatuma ujumbe kwenda 79079. Hukuhitaji duka, hukuhitaji mtandao, hukuhitaji hata simu yenye rangi. Simu ya kitochi ilitosha, na mtu aliyeko Vanga kwenye mpaka wa Tanzania alikuwa sawa na aliyeko Nairobi.

Hapa ndipo jicho la mwandishi wa programu linaona jambo. Ujumbe mfupi una herufi 160 tu. Ndani yake ilibidi uwekwe namba ya mechi, chaguo na kiasi, na jibu likurudie likiwa limekamilika. Orodha ya mechi ilichapishwa kwenye karatasi na magazeti, kila mechi ikiwa na namba yake. Ukitaka kuweka ova na anda kwenye mfumo wa namna hiyo, mstari mmoja wa 2.5 ndio rahisi kuliko yote. Una maneno mawili tu ya kuchagua na majibu mawili tu ya kurudisha: umeshinda au umeshindwa. Mstari mzima ungehitaji jibu la tatu na ujumbe wa kueleza kwa nini pesa imerudi, kisha simu mia moja kwa wahudumu kutoka kwa watu wasioelewa. Mimi naamini hiyo ndiyo sababu kizazi kizima cha huku kilijifunza 2.5 kabla ya kujua kwamba kuna mistari mingine.

Mwaka 2019 mambo yalitikisika. Julai ya mwaka huo leseni za kampuni 27 hazikuhuishwa kwa sababu ya ugomvi wa kodi, na mwisho wa Septemba SportPesa na Betin zikasimamisha kazi zao Kenya. Lakini kufikia hapo simu za kioo zilikuwa zimeshaingia hadi vijijini. Waliobaki na waliokuja baadaye walileta kurasa zenye mistari kumi kwa mechi moja. Mstari wa 2, wa 3, na ule wa robo ukaingia mifukoni mwetu bila mwalimu.

Mkeka wa Msambweni

Nitawapa kisa kimoja. Agosti 2025 Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa CHAN, na Harambee Stars wakafika robo fainali dhidi ya Madagaska pale Kasarani, tarehe 22. Mechi iliisha 1-1. Omija alifunga mapema kipindi cha pili, Madagaska wakasawazisha kwa penalti. Muda wa ziada haukuzaa goli, na kwenye matuta Madagaska wakashinda 4-3.

Siku mbili baadaye kijana mmoja wa bodaboda kutoka Msambweni alinifuata akiwa amekasirika.

"Kaka, wewe si mtu wa kompyuta? Niangalizie hii. Wameniibia."

Alikuwa ameweka mkeka wa mechi tatu kwa shilingi 100. Mechi mbili alizipata, moja kwa odi 1.70 na nyingine kwa odi 2.00. Ya tatu ilikuwa Kenya na Madagaska, ova 2, odi 1.80. Alipoweka mkeka, skrini ilimwambia atapata 612, kwa sababu 100 × 1.80 × 1.70 × 2.00 ni 612. Alipewa 340.

"Mbona imeandikwa `VOID`, kaka? Mechi ilichezwa, mimi mwenyewe niliiona. Na magoli yalikuwa tisa ukihesabu penalti!"

Nikamwambia tuanze na hizo penalti. Matuta hayahesabiwi popote kwenye ova na anda, kwa hiyo mechi yake ilikuwa na magoli mawili. Mstari wake ulikuwa 2. Magoli mawili yamekalia mstari wa mbili. Dau la mechi hiyo linarudi, na ndani ya mkeka "kurudi" maana yake ni kwamba odi ya mechi hiyo inageuka kuwa 1.00. Basi 100 × 1.00 × 1.70 × 2.00 ni 340. Hesabu ya kampuni ilikuwa sahihi.

"Kwa hiyo sikuibiwa?"

"Hukuibiwa, ndugu yangu. Ungekuwa umeweka ova 2.5, mkeka mzima ungechanika na usingepata hata kumi."

Alinyamaza, akasema, "Basi wangeandika hivyo."

Na hapo alikuwa na haki. Neno `VOID` kwenye skrini linatumika kwa mambo mawili tofauti kabisa. La kwanza ni mechi iliyoahirishwa au kuvunjika. Hapo machaguo ya mechi hiyo ambayo hayakuwa yameamuliwa yanafutwa. La pili ni mstari kukaliwa. Mechi ilichezwa hadi mwisho na machaguo mengine yote yana majibu, ila lako tu limerudi. Ukitaka kujua ni lipi, jumlisha magoli ya dakika 90 uyalinganishe na mstari wako. Yakiwa sawa sawa, mstari umekaliwa. Yasipokuwa sawa na mechi ilichezwa yote, hapo una sababu ya kupiga simu.

Kwa wale wanaopenda kuona kitu kikiwa kimeandikwa, moyo wa mfumo huu ni mistari michache tu:

```python
def tokeo(magoli, mstari, upande):
    if magoli == mstari:
        return "VOID"
    juu = magoli > mstari
    if upande == "OVER":
        return "WON" if juu else "LOST"
    return "LOST" if juu else "WON"
```

Tazameni ule mstari wa `==`. Ukiweka mstari wa 2.5 haufanyi kazi kamwe, unakaa tu. Ndiyo maana mfumo uliojengwa wakati wa nusu pekee unaweza kuishi miaka bila sehemu hiyo, na siku meneja anapoongeza mstari wa 3, mechi ya kwanza iliyoisha 2-1 inawafanya watu wa ova kuonekana wameshindwa na watu wa anda kuonekana wameshinda. Programu haitatoa kosa lolote. Italipa tu watu wasiostahili na kuwanyima waliostahili. Kwa hiyo anayejaribu mfumo wa namna hii aanze na matokeo matatu kwa kila mstari mzima: goli moja chini, sawa sawa, na goli moja juu.

Kurudishiwa si zawadi

Sasa tufike mahali ambapo watu wengi wanapotea. Baada ya kisa kile kijana aliwaeleza wenzake, na ikawa stendini wanasema mstari mzima ni bora "kwa sababu una bima". Tuipige hesabu hiyo.

Tuchukue mechi ambayo tunategemea magoli 2.5 kwa wastani. Tangu makala ya Maher ya mwaka 1982, watu wa takwimu wamekuwa wakitumia kanuni ya Poisson kukadiria magoli. Haipatii kila kitu, lakini kwa kazi yetu inatosha. Kanuni inasema kati ya mechi 100 za namna hiyo, karibu 29 zitaisha na goli sufuri au moja, karibu 26 zitaisha na magoli mawili kamili, na karibu 46 zitakuwa na matatu au zaidi. (Nimekadiria, ndiyo maana jumla inazidi kwa moja.)

Mwenye ova 2.5 anashinda lini? Magoli yakiwa matatu au zaidi, mara 46. Mwenye ova 2 anashinda lini? Soma tena taratibu: magoli yakiwa matatu au zaidi, mara hizo hizo 46. Nafasi yao ya kushinda ni ile ile. Tofauti iko kwenye zile mechi 26 za magoli mawili, ambapo mmoja anapoteza na mwingine anarudishiwa.

Kwa hiyo bei lazima itofautiane. Kama kampuni ingekuwa haichukui faida hata senti, odi ya haki ya ova 2.5 ingekuwa karibu 2.19. Odi ya haki ya ova 2 ingekuwa karibu 1.63. Mechi ile ile, ushindi ule ule wa magoli matatu, lakini kwa shilingi 100 mmoja anapata faida ya 119 na mwingine 63. Hizo shilingi 56 za tofauti ndizo zilizolipia bima. Umeinunua mwenyewe, tena kwa bei kamili.

Ukienda upande wa anda kioo kinageuka. Anda 2.5 odi ya haki ni karibu 1.84, na anda 3 ni karibu 1.45. Mwenye anda 3 anashinda magoli yakiwa mawili au pungufu, sawa na mwenye anda 2.5, na akiona matatu kamili anarudishiwa. Kwa hiyo ukilinganisha odi za mistari miwili usiulize ipi ni kubwa. Uliza ni mechi zipi zinazohama kutoka "nimepoteza" kwenda "nimerudishiwa", na umelipa kiasi gani kwa kuhama huko.

Na faida ya kampuni je? Tuseme mstari umewekwa pale ambapo pande zote mbili zina odi 1.85. Ukicheza kwa muda mrefu kwenye mstari wa nusu, kwa kila shilingi 100 unaacha huko karibu 7.50. Kwenye mstari mzima ambao robo ya mechi zinaukalia, unaacha karibu 5.60, kwa sababu robo ya madau yanarudi bila kuguswa. Wale wa stendini watasema, "Si unaona!" Ngojeni kwanza. Dau likirudi haliendi M-Pesa. Linakaa kwenye akaunti ya kampuni, na kijana analiweka tena kwenye mechi inayofuata. Likikaliwa tena analiweka tena, mpaka liamuliwe. Ukipiga hesabu ya mtu anayerudia mpaka apate jibu, anaacha 7.50 ile ile. Nafuu ya mstari mzima ipo kwa yule tu ambaye pesa ikirudi anaitoa na kwenda zake. Wangapi mnawajua?

Serikali nayo ikaingia kati

Kuna mtu wa tatu kwenye meza hii, naye amebadilisha maana ya "dau linarudi" mara kadhaa.

Sheria ya Fedha ya 2019 iliweka ushuru wa asilimia 20 kwenye dau lenyewe. Ulifutwa mwaka 2020, ukarudi 2021 kwa asilimia 7.5, ukapanda hadi 12.5 mwaka 2023, na Desemba 2024 ukafika 15. Neno la kuangalia ni "dau". Ushuru ulichukuliwa unapobeti, kabla mechi haijachezwa, bila kujali itaishaje.

Chukua shilingi 100 za wakati wa asilimia 12.5. Kwenye mkeka uliona kwamba dau baada ya kodi ni 88.89, na 11.11 ni ushuru. Mechi ikikalia mstari, dau linalorudi ni lipi? Kama ni lile lililoingia mchezoni, unarudishiwa 88.89. Umebeti, hukushindwa, hukushinda, na umepungukiwa shilingi 11. Kwa mstari wa nusu swali hili halikuwapo, kwa sababu hakuna kinachorudi. Kwa mstari mzima lilikuwa likijirudia kila wiki, na ile "bima" ya stendini ilikuwa na tundu chini.

Kuanzia Julai 2025 mambo yako kwa namna nyingine. Sheria ya Fedha ya mwaka huo iliuondoa ushuru kwenye dau, ikauweka kwenye pesa unayoingiza katika akaunti ya kubeti, asilimia 5, na ikaweka asilimia 5 nyingine kwenye pesa unayotoa. Mwezi uliofuata ikasainiwa Sheria ya Udhibiti wa Kamari ya 2025, ambayo ilichukua nafasi ya ile ya 1966.

Tuifuate shilingi 100 tena kwa hesabu rahisi. Unaingiza 100, inabaki 95. Unaweka 95 kwenye ova 2, mechi inaisha 1-1, dau linarudi lote, 95 kamili. Mpaka hapo mstari mzima umetimiza ahadi yake. Lakini ukitoa pesa yako, asilimia 5 inakatwa, na kwenye M-Pesa inaingia 90.25. Hukupata hata shilingi ya ushindi. Kodi ya kutoa haijali kama pesa hiyo ni ushindi au ni dau lako lililorudi.

Na tazama inavyomsukuma kijana. Kila dau linaporudi, kulitoa kuna gharama na kuliweka tena hakuna gharama inayoonekana. Anayeelewa hesabu ya 7.50 hapo juu anajua kuliacha ndani kuna gharama zaidi, ila hiyo haiandikwi kwenye skrini.

Kwa hiyo mtu akikuambia anapenda mstari mzima kwa sababu "hupotezi", mwulize mambo matatu. Odi yake iko chini kiasi gani kuliko ya nusu? Ndani ya mkeka, amejua kwamba mechi hiyo itageuka 1.00 na si kufuta mkeka mzima? Na dau likirudi, linarudi wapi, na itamgharimu nini kulifikisha mfukoni?

Yule kijana wa bodaboda nilimwandikia hesabu hii kwenye karatasi, pamoja na mechi tano za Kenya kwenye CHAN ile: 1-0, 1-1, 1-0, 1-0 na 1-1. Nikamwambia aweke mwenyewe ova 2 kwenye kila moja aone. Mbili zinarudi, tatu zinapotea, hakuna hata moja inayolipa. Aliitazama kwa muda, akaikunja akaitia mfukoni.

Wadau, kama kuna aliyewahi kujenga au kutumia mfumo unaoandika kitu kilicho wazi zaidi ya `VOID` pale mstari unapokaliwa, naomba aniandikie ameandika neno gani kwa Kiswahili. Mimi nimefikiria "mstari umekaliwa, dau limerudi". Tuendelee kuwasiliana.